Nilivyokabili sifuri za mbolea kwenye takwimu za mahindi

Swali langu lilikuwa fupi: mkulima wa mahindi Tanzania akiongeza shamba, kazi na mbolea maradufu kwa pamoja, mavuno nayo yanaongezeka maradufu, au pungufu ya hapo? Takwimu nilizotumia ni za NPS, utafiti wa Ofisi ya Taifa ya Takwimu ulioanza 2008/09 na ambao hurudi kwa kaya zilezile. Uzuri wake ni kwamba unauliza kipande kwa kipande cha shamba: ukubwa, siku za kazi, kilo za mbolea, mavuno.

Nilianza na fomula ya Cobb na Douglas ya 1928. Unachukua logariti ya mavuno na ya kila pembejeo, kisha unakadiria mstari. Kila namba inayotoka ni unyumbufu. Tuseme ya shamba ni 0.6: maana yake eneo likiongezeka kwa asilimia 10, mengine yakibaki palepale, mavuno yanaongezeka kwa karibu asilimia 6. Ukijumlisha nyumbufu zote unapata jibu la swali langu. Tuseme kazi ni 0.25 na mbolea 0.1. Jumla ni 0.95, kwa hiyo pembejeo zikiongezeka maradufu, mavuno yanazidishwa mara 1.93 hivi.

Kikwazo cha kwanza kilikuwa mbolea. Wakulima wengi hawakuweka hata kilo moja ya mbolea ya dukani, na sifuri haina logariti. Ukiwafuta, unabaki na wachache wenye uwezo. Wengi hujumlisha 1 kabla ya kuchukua logariti, na kwa muda nilidhani inatosha. Kisha nikapima pengo kati ya asiyeweka kitu na aliyeweka mfuko mmoja wa kilo 50. Ukihesabu kwa mifuko, pengo hilo ni 0.69. Kwa kilo ni 3.93, na kwa gramu ni 10.82. Mkulima ni yuleyule na mfuko ni uleule, ila unyumbufu unabadilika kwa sababu ya kipimo ulichochagua! Namba ya namna hiyo sitaki kuitetea mbele ya mtu.

Nikahamia njia aliyoieleza Battese mwaka 1997. Unaweka alama ya 1 kwa asiyetumia mbolea, na logariti yake unaiacha iwe sifuri. Alama hiyo ndiyo inayobeba tofauti ya makundi mawili, na unyumbufu wa mbolea unatoka kwa watumiaji peke yao. Ukibadili kilo kuwa gramu, unyumbufu hautikisiki. Kwenye programu ya takwimu ya Stata:

```
gen d0 = (mbolea==0)
gen lnmb = ln(max(mbolea, d0))
reg lnmav lneka lnkazi lnmb d0, vce(cluster ea)
lincom lneka + lnkazi + lnmb
```

Jumla hiyo ya mstari wa mwisho inamhusu mtumiaji wa mbolea. Kwa asiyetumia, sifuri mara mbili ni sifuri, hivyo nilijumlisha shamba na kazi tu, na nikatoa majibu mawili tofauti.

Msijumlishe kwa kalamu, kwa sababu `lincom` inazingatia kwamba makadirio yenyewe yanategemeana. Shamba na kazi huongezeka pamoja, kwa hiyo kompyuta hupata shida kuamua sifa ni ya nani, lakini jumla yao inaijua vizuri zaidi. Tuseme kosa sanifu la kila moja ni 0.10 na kovarianzi yao ni -0.008. Kosa la jumla ni 0.063, si 0.14 unayoipata ukipuuza kovarianzi. Kwa tofauti hiyo unaweza kukataa au kukubali kwamba jumla ni 1.

Kisha kuna mkulima hodari. Huyo huweka mbolea zaidi na pia hupalilia kwa wakati, na sifa ya uhodari wake inaiangukia mbolea. Mundlak alilishughulikia hili mwaka 1961. Mimi nililinganisha vipande vya kaya moja katika msimu mmoja kwa `areg` yenye `absorb(hhid)`. Kaya zenye kipande kimoja hazichangii chochote hapo, na tofauti ya udongo kati ya vipande inabaki.

Kilichonizuia kutangaza jibu ni mavuno yenyewe. Mkulima anayataja kwa kumbukumbu, baada ya kuvuna. Ethiopia na Uganda, watafiti walipovuna wenyewe eneo dogo lililopimwa na kulilinganisha na kauli ya mkulima, waliona kwamba kauli huzidisha mavuno zaidi kwenye vipande vidogo. Kosa hilo linaushusha unyumbufu wa shamba, na pamoja nao jumla nzima. Kwa hiyo jumla iliyo chini kidogo ya 1 kutoka NPS niliiandika kama kiwango cha chini, nikaeleza sababu kwenye aya ileile, wala sikuitumia kusema kwamba mashamba madogo yana tija kuliko makubwa.