Mwanangu alipaliwa na karanga, nikaambiwa ni pumu

Binti yangu alikuwa na miezi 22. Jumamosi jioni alikuwa akimkimbiza kaka yake sebuleni, mdomoni ana karanga alizogawiwa na huyo huyo kaka. Akajikwaa, akavuta pumzi kwa nguvu kama mtoto anayejiandaa kulia, lakini kilio hakikutoka. Kilitoka kikohozi kikavu cha mfululizo, machozi yanamchuruzika, uso umemwiva, midomo imeanza kupoteza rangi. Nadhani haikuzidi dakika 2. Halafu kikakatika ghafla, akaomba maji, akanywa, akarudi kucheza.

Dakika 2 hizo zilibeba ugonjwa wote. Kwa siku 11 hakuna mtu aliyeziandika kwenye kadi yake.

Wifi yangu alikuwepo, na papo hapo akataka nimtie mtoto kidole kooni. Nilikataa, na hilo najivunia mpaka leo. Mtoto anayekohoa kwa sauti anaachwa akohoe, kwa sababu kikohozi chake kina nguvu kuliko mkono wa mtu yeyote, na kidole kinachopapasa bila kuona kinaweza kukisukuma kitu kikazibe njia kabisa. Angekuwa amenyamaza, hawezi kukohoa wala kutoa sauti, hapo ningempiga mgongoni katikati ya mabega mara 5, kisha kumkumbatia kwa nyuma na kumbana tumbo juu ya kitovu, ndani na juu, mara 5, nikirudia huku msaada unaitwa. Mtoto ambaye hajatimiza mwaka habanwi tumbo, anabanwa kifua.

Ushauri wa pili ndio ulionigharimu, kwa sababu niliuamini: "Ameshameza huyo, kesho atakitoa chooni." Sote tulilala tukiwa na amani. Jumapili nzima hakuwa na neno. Utulivu huo nilikuja kuelezwa baadaye: kitu kikishapita kwenye koo la hewa na kutulia ndani ya bomba la pafu moja, njia ya hewa inakizoea na kikohozi kinapoa, na wazazi wanahesabu kwamba mambo yamekwisha.

Siku ya 3 usiku akaanza kukohoa tena. Zahanati ya kwanza niliambiwa mafua, nikapewa dawa ya maji. Siku ya 5 akawa anatoa mlio kama filimbi akipumua nje, nikaambiwa pumu, tukapewa dawa ya kuvuta kwa pampu. Nilimpa kama nilivyoelekezwa, siku 3, na mlio haukubadilika hata kidogo. Siku ya 8 homa ikapanda. Eksirei ya kifua ikapigwa, nikaambiwa ni safi, lakini kwa kuwa ana homa basi ni nimonia inaanza, akaandikiwa antibayotiki. Homa ikashuka kweli, na hapo kila mtu akaniambia umeona sasa.

Kila nilipokwenda, swali la kwanza lilikuwa: "Mtoto anaumwa nini?" Nami nilijibu: "Anakohoa." Karanga niliitaja mara moja tu, mwishoni, wakati mhudumu ameshaanza kuandika dawa. Akasema kama angekuwa na karanga kwenye pafu asingekuwa anacheza hivi. Hilo si kweli. Karanga nusu inaweza kukaa kwenye bomba la pafu moja wiki nzima na mtoto anacheza, kwa sababu pafu la pili linambeba.

Sasa nije kwenye usiku wa siku ya 11. Nilikuwa nimemlaza kifudifudi kifuani kwangu, nimechoka, nikaegemeza sikio mgongoni pake upande wa kushoto. Nikasikia pumzi inaingia na kutoka vizuri, kama upepo kwenye majani. Nikahamisha sikio upande wa kulia, kimya. Nikarudi kushoto, upepo. Nikaenda kulia, nikasubiri pumzi 10 nzima, nikasikia kwa mbali sana, na mwishoni mwa kila pumzi ule mlio wa filimbi, upande huo tu. Nikamwamsha mume wangu, nikamwambia asikilize bila kumdokeza lolote. Naye akaonyesha kulia. Sikio la mzazi halichukui nafasi ya stetoskopu, na mtoto anaweza kuwa na kitu pafuni na pande zote zikasikika sawa. Lakini pumu hubana mapafu yote mawili, mafua pia hayachagui upande, na hilo hata mimi nisiye daktari niliweza kulipima kichwani.

Asubuhi tulikwenda hospitali kubwa. Safari hii, kabla sijaulizwa, nilisema: "Daktari, mwanangu alipaliwa na karanga Jumamosi ya juzi jioni, akikimbia. Kabla ya hapo alikuwa mzima kabisa." Yule daktari aliweka kalamu chini. Aliniuliza kama nilishuhudia mwenyewe, ilichukua muda gani, rangi yake ilikuwaje. Kisha akamsikiliza mtoto muda mrefu, kulia, kushoto, kulia tena. Akasema: "Mama, maneno yako peke yake yananitosha kuangalia ndani. Hizi sauti zinanihimiza tu."

Nilimwonyesha ile eksirei "safi", akainyanyua kwenye mwanga na kunieleza kitu ambacho ningependa kila mzazi akijue. Karanga haionekani kwenye eksirei. Sarafu na msumari vinaonekana, lakini mbegu, nyama na plastiki nyingi havionekani. Kinachoonekana ni kile ambacho karanga inalifanyia pafu. Mtoto akivuta hewa, mabomba ya mapafu yanapanuka kidogo, hewa inapenya pembeni mwa karanga. Akitoa hewa, mabomba yanasinyaa, karanga inaziba, hewa inabaki ndani. Pafu linajaa kama puto lenye kizibo kinachoruhusu kuingia tu. Picha ikipigwa wakati amevuta pumzi, mapafu yote mawili yamejaa na yanafanana, basi inasomwa kuwa safi. Tofauti hujitokeza akitoa pumzi, na mtoto wa miezi 22 humwambii "toa pumzi, usivute tena."

Hapo ndipo alipotumia mbinu iliyonifurahisha. Alimlaza mtoto kwa ubavu wa kulia, mimi nikamshika mikono, picha ikapigwa. Kisha ubavu wa kushoto, picha nyingine. Pafu lenye afya likilaliwa linabanwa na uzito wa mwili, linapungua na kuwa jeupe zaidi kwenye picha. Alipolalia kushoto, pafu la kushoto lilipungua kama inavyotakiwa. Alipolalia kulia, pafu la kulia lilibaki kubwa na jeusi, limejaa hewa isiyo na pa kutokea, na moyo haukushuka kuelekea chini. Hata mimi niliona. Akaongeza kwamba hata picha hizi zingekuwa nzuri, bado angeingia ndani kwa sababu ya kupaliwa kule, maana picha hizi nazo hukosea. Wakati mwingine mtu anaingia na kukuta hakuna kitu, akasema, na hilo analikubali kuliko kuiacha karanga ioze pafuni.

Neno lake lilikuwa bronkoskopi. Ni kuangalia ndani ya njia ya hewa kwa bomba la chuma lililonyooka, jembamba kuliko kalamu, linalopitishwa mdomoni kati ya nyuzi za sauti mpaka kwenye koo la hewa, mtoto akiwa kwenye nusu kaputi. Kupitia bomba hilo hilo mtoto anapewa hewa, daktari anaona kwa kamera, na koleo ndogo inaingia kushika kitu. Hakuna kinachopasuliwa. Kwa kuwa alikuwa ametulia, oksijeni kwenye damu asilimia 94, tulisubiri saa 6 tangu chakula cha mwisho ili asitapike akiwa amelazwa usingizi. Angekuwa anahangaika kupumua wasingesubiri. Jirani kitandani alininong'oneza nimpe chochote kidogo maana mtoto analia njaa. Sikumpa, na nawaomba msiwape.

Yaliyotokea chumba cha upasuaji nilisimuliwa na daktari mwenyewe, amekaa kwenye kiti mbele yangu, jasho bado shingoni. Karanga ilikuwa kwenye bomba kuu la pafu la kulia, lile ambalo ni pana na limenyooka zaidi kuliko la kushoto, ndiyo maana vitu hupenda kuteremkia huko. Baada ya siku 12 ilikuwa imefura na kulainika, na mafuta yake yalikuwa yamezichoma kuta za bomba mpaka zikavimba na kuota nyama laini inayovuja damu ikiguswa. Walidondosha kwanza dawa ya kupunguza kuvuja damu, wakafyonza, wakaishika. Wakati wa kuivuta, ilipofika penye wembamba chini ya nyuzi za sauti, ikaponyoka kwenye koleo na kukaa katikati ya koo la hewa.

Hapo hewa haiendi pafu lolote. Daktari hakuhangaika kuivuta. Aliisukuma irudi chini, kule kule kulia ilikotoka, pafu la kushoto likapata hewa, wakasubiri oksijeni ipande, kisha akaishika upya kwa koleo yenye meno tofauti, akaitoa pamoja na bomba lenyewe kwa mkupuo mmoja. Nilipomsikia akisema aliirudisha ndani nilishika kiti. Sasa naelewa kwamba hatua hiyo ndiyo iliyomwokoa mwanangu.

Hakuishia hapo. Aliingiza bomba mara ya pili kukagua pande zote mbili, na akakuta kipande kidogo kama punje ya mchele kimebaki chini zaidi, nyuma yake kuna usaha. Akakitoa na kuufyonza ule usaha. Ile homa ya siku ya 8 ilitoka hapo, na antibayotiki iliituliza bila kuondoa chanzo. Kama kuna jambo la kumuuliza daktari baada ya bronkoskopi, ni hili: uliangalia tena baada ya kutoa?

Usiku ule sauti ilimkauka na akakohoa kama mbwa anayebweka, kwa sababu ya uvimbe kooni. Walimpa dawa ya kushusha uvimbe na oksijeni ya kupulizia usoni, asubuhi akaomba kula. Siku ya pili tuliruhusiwa, tukiwa na antibayotiki ya kumalizia na onyo la kurudi haraka homa ikipanda au pumzi ikibana.

Kikohozi kilidumu kama wiki moja. Kwenye kadi yake mstari wa kwanza sasa unasomeka: "Alipaliwa na karanga, kipande kimetolewa pafu la kulia." Karanga nzima haziingii tena nyumbani kwetu mpaka atimize miaka 5, na kula ni kwa kuketi. Baada ya mwezi tulirudi kwa eksirei, amelazwa tena kwa ubavu wa kulia, na safari hii pafu lilipungua.