Namna Nilivyotenganisha Taarifa za Wateja na Mauzo katika Kanzidata ya Duka

Duka la vifaa vya ujenzi nililoombwa kulitengenezea kumbukumbu lilikuwa na jedwali moja tu, lililoitwa mauzo, na kila mstari wa jedwali hilo ulibeba namba ya risiti, tarehe, jina la mteja, simu yake, anwani yake, bidhaa, idadi na bei. Mkandarasi aliyenunua saruji, nondo na misumari kwa risiti moja alichukua mistari mitatu, na katika mistari yote mitatu jina lake, simu yake na anwani yake viliandikwa upya. Aliporudi wiki iliyofuata viliandikwa tena, safari hii pengine na karani mwingine.

Mwenye duka aliniita kwa sababu ya madeni. Mteja mmoja wa siku nyingi alionekana katika orodha kama wadaiwa watatu, kwa kuwa mahali pengine jina lake lilianza na neno Fundi, mahali pengine liliandikwa jina la kwanza peke yake, na kwingine majina yote mawili. Anwani nazo zilipingana. Alikuwa amehama, karani akarekebisha anwani katika risiti za karibuni na kuziacha za zamani, hata dereva wa gari la mizigo asijue ni ipi ya kufuata. Mzee alinieleza jambo lenyewe vizuri kuliko vitabu vingi: "Mwanangu, kompyuta inaniambia mambo mawili, na yote mawili inayasema kwa uhakika uleule."

Kasoro hiyo haiponi kwa kuwasisitizia makarani wawe makini, kwa sababu inatokana na umbo la jedwali. Maadamu anwani moja imeandikwa mahali arobaini, kuibadilisha kunahitaji marekebisho arobaini, na likisahaulika moja, kumbukumbu zinaanza kujipinga. Umbo hilohilo lilileta matatizo mengine mawili. Mteja mpya aliyekuja kujitambulisha kabla ya kununua hakuweza kuandikishwa, kwa sababu hapakuwa na mauzo ya kumwekea mstari. Na mteja aliyenunua mara moja, risiti yake ikafutwa kwa kuwa alirudisha mzigo, alipotea pamoja na simu yake.

Dawa ya hali hii ndiyo ile ambayo watu wa kanzidata huiita nomalaizesheni. Msingi wake uliwekwa na Edgar F. Codd, mtafiti wa IBM aliyechapisha makala yake juu ya kanzidata za majedwali yanayohusiana mwaka 1970. Kanuni niliyoitumia zaidi inadai kwamba kila safu katika jedwali ieleze kile kitu ambacho jedwali linakihusu, isieleze kitu kingine kinachotajwa humo kwa kupita. Risiti inatuonyesha nani amenunua, na huyo aliyenunua ndiye mwenye simu na makazi. Kwa hiyo makazi ni habari ya mteja, na ndani ya risiti yamekaa ugenini.

Kabla ya kugawa chochote nilitaka kujua ukubwa wa mgongano. Duka lilitumia SQLite katika kompyuta moja, nami nikaanza na simu, kwa kuwa hiyo haikosewi sana kama jina. Hata hivyo simu ileile iliandikwa kwa kuanza na 0, au 255, au +255, pengine ikiwa na nafasi katikati. Nikaondoa nafasi na kulinganisha tarakimu tisa za mwisho, ambazo kwa namba za Tanzania hazibadiliki:

```sql
SELECT substr(replace(simu, ' ', ''), -9) AS namba,
       COUNT(DISTINCT anwani) AS anwani_tofauti
FROM mauzo
GROUP BY namba
HAVING COUNT(DISTINCT anwani) > 1;
```

Orodha iliyotoka ilikuwa ndefu, na hapo ndipo ilipo kazi yenyewe, kwa maana kompyuta huonyesha kwamba anwani mbili zinatofautiana lakini haijui iliyo sahihi. Nilikaa na karani mkuu na vitabu vya risiti za karatasi, na pale ambapo karatasi hazikutosha tulimpigia mteja simu. Tofauti nyingine zilikuwa za tahajia tu. Nyingine zilikuwa za watu wawili halisi, mume na mke, wanaotumia simu moja. Kwa sababu hiyo sikuifanya simu kuwa kitambulisho cha mteja, bali nilimpa kila mteja namba yake ya ndani isiyobadilika hata akibadilisha laini.

Lakini kulikuwa na kundi la tatu, na hili nataka lieleweke vizuri. Baadhi ya anwani zilitofautiana kwa haki, kwa sababu mkandarasi alikuwa na ofisi mahali pamoja na jengo analojenga mahali pengine, na saruji ilipelekwa kwenye jengo. Anwani ya mzigo ule ni habari ya mauzo yale, na itabaki kuwa kweli hata mkandarasi akihamisha ofisi kesho. Bei iko vivyo hivyo: bei ya leo ya mfuko wa saruji ni habari ya bidhaa, ilhali bei aliyotozwa mteja siku ile ni habari ya risiti ile. Ningeihamishia bei yote kwenye jedwali la bidhaa, siku bei ingepanda risiti zote za zamani zingesoma kiasi ambacho hakuna aliyekilipa. Kugawa bila kuliuliza swali hili huharibu historia kwa jina la usafi.

Mwisho wake tulipata majedwali manne: wateja, bidhaa, mauzo, na bidhaa zilizouzwa katika kila risiti pamoja na idadi na bei ya siku hiyo. Haya ni mawili yanayohusu suala letu:

```sql
CREATE TABLE wateja (
  mteja_id INTEGER PRIMARY KEY,
  jina     TEXT NOT NULL,
  simu     TEXT,
  anwani   TEXT
);
CREATE TABLE mauzo (
  mauzo_id INTEGER PRIMARY KEY,
  mteja_id INTEGER NOT NULL
           REFERENCES wateja(mteja_id),
  tarehe   TEXT NOT NULL,
  anwani_ya_mzigo TEXT
);
```

Simu imewekwa kama maandishi, kwa kuwa ikihifadhiwa kama namba sifuri ya mwanzo hupotea. Neno `REFERENCES` ndilo linalokataza mauzo kutaja mteja asiyekuwepo, ila katika SQLite katazo hilo kwa kawaida hulala mpaka programu itoe amri `PRAGMA foreign_keys = ON;` kila inapofungua kanzidata. Nililijaribu kwa kuingiza mauzo ya mteja wa namba isiyokuwepo, na nikaridhika pale tu yalipokataliwa.

Makarani walilalamika kwamba sasa hawaoni tena kila kitu mahali pamoja, na malalamiko yao yalikuwa ya haki. Niliwatengenezea mwonekano kwa amri ya `CREATE VIEW`, unaounganisha majedwali na kuwaonyesha orodha pana waliyoizoea, huku anwani ya mteja ikiwa imehifadhiwa mara moja tu.

Mgawanyo huu hauzuii mteja mmoja kuandikishwa mara mbili kwa namba mbili za ndani. Kwa hiyo fomu ya mteja mpya hutafuta kwanza zile tarakimu tisa za simu na kumwonyesha karani waliopo kabla ya kumruhusu kuongeza. Nakala ikipenya hata hivyo, mauzo yake huhamishiwa kwanza kwenye namba inayobaki, ndipo nakala ifutwe. Anayeanza na kufuta huzuiwa na kanzidata yenyewe, maadamu bado kuna risiti inayoitaja.