Bafu la stoo: maji yalikuwa yakirudi sakafuni

Hatimaye naoga bila kusimama kwenye dimbwi. Stoo yetu hapa Nakuru tuliigeuza bafu, na kila ukioga maji yanajaa hadi kwenye vifundo. Tulizibua paipu kwa waya. Tukaongeza sementi kwenye sakafu ili iteremke zaidi. Wapi!

Kosa lilikuwa kuanza kupima kutoka bafuni. Safari hii tulianzia kwenye manholi. Tulichukua mpira mwembamba unaoonyesha maji, tukaujaza maji, tukautoa mapovu yote (povu moja tu linakudanganya), tukalinganisha usawa. Mfereji wa manholi ulikuwa sentimita 20 chini ya sakafu ya stoo, umbali wa mita 6. Paipu ikishuka sentimita 2 kwa kila mita, hiyo ni 12, kwa hiyo zinabaki 8. Lakini trapu yenyewe, ile inayobaki na maji chini ya sakafu kuzuia harufu, inataka 15 kutoka juu hadi chini ya mdomo wa kutolea. Ndiyo maana paipu ilikuwa imelazwa karibu tambarare.

Tukainua sakafu sentimita 7 kwenye trapu, na 10 mlangoni ili iteremke. Tukavunja ukuta upya, tukapitisha paipu ndani ya kipande cha paipu pana zaidi, ukuta usiikalie.

Paipu za maji safi tulizihamisha juu kidogo, tukazijaza maji usiku kucha kabla ya plasta. Kiungo kimoja kilivuja asubuhi.