Akina mama wa Kalemie hawakuandikwa na ofisi yetu: nilivyoufahamu upatanisho wa avoir

Kwa miaka sita nimekuwa nikiandika barua za Kifaransa katika ofisi ya wakala wa mizigo mjini Kigoma, nyingi zikivuka ziwa kwenda kwa wateja wa Bujumbura na Kalemie, na kwa miaka minne ya mwanzo karibu kila barua iliyotoka mikononi mwangu ilikuwa na kosa lile lile. Sikuwa mvivu, bali nilifundishwa nusu. Mwalimu wa masomo ya jioni, ambaye nilimlipa shilingi elfu sitini na kitu kwa muhula, alituambia kwamba umbo la kitenzi linalofuata être, yaani kuwa, hupatana na mtenda, na linalofuata avoir, yaani kuwa na, halipatani na chochote, kisha akafuta ubao.

Ni kweli kwamba baada ya avoir umbo hilo, yaani reçu, écrit, ouvert na mengineyo, halimjali mtenda. Hata hivyo, linamjali mtendwa endapo ametajwa kabla yake. Katika «Nous avons reçu les marchandises» hakuna cha kuongeza, kwa kuwa bidhaa zinatajwa baada ya kitenzi. Ukisema «les marchandises que nous avons reçues», bidhaa zimetangulia, nazo kwa Kifaransa ni za jinsia ya kike na ni nyingi, hivyo reçu huongezewa e na s. Utaratibu huu si wa jana: katika karne ya 16 mshairi Clément Marot aliwafundisha wanafunzi wake kwa beti, akitoa Kiitaliano kama mfano wa kuigwa. Nikiwa na barua kumi za kumaliza kabla ya meli kung'oa nanga, sikumshukuru.

Mwenzangu wa ofisini, aliyejiona bingwa, alinipa dawa yake: «Ukiona que, bandika e na s.» Niliifuata kwa wiki mbili, nikaandika «Nous confirmons que nous avons reçues votre lettre», sentensi ambayo hadi leo inanitoa jasho. Que hiyo haisimami badala ya jina lolote. Inaunganisha tu «tunathibitisha» na kile kinachothibitishwa, na barua yenyewe inatajwa mwishoni. Ilipaswa kuwa reçu, basi.

Ndipo nikajivumbulia njia ambayo niliamini kwamba ingenitajirisha. Niligundua kuwa Kiswahili chetu kina tabia inayofanana sana na hiyo. Tunasema «tumepokea bidhaa», bila alama yoyote ya bidhaa ndani ya kitenzi, lakini bidhaa zikitangulia tunasema «bidhaa tulizozipokea», na zikishajulikana tunasema «tumezipokea». Ile zi ikitokea kwenye Kiswahili, mara nyingi e na s hutokea kwenye Kifaransa: «nous les avons reçues». Nikawa natafsiri kila sentensi kichwani, naisaka zi, ya, vi au wa, na nikiipata naweka upatanisho bila kusita. Kwa bidhaa, masanduku, ankara na funguo njia hii ilinibeba miezi kadhaa, nami nikaanza kuwasahihisha wengine.

Iliniangusha siku nilipoacha vitu nikaandika kuhusu watu. Tulikuwa na wateja wa Kalemie, kikundi cha akina mama wanaonunua chumvi na sabuni, na nilitaka kuwakumbusha kwamba tulishawaandikia mara mbili kuhusu malipo. Nilitafsiri kichwani: «tuliwaandikia». Nikaiona wa, nikafurahi, akina mama ni wa kike na ni wengi, basi nikaandika kwa mwandiko wa kujiamini: «Nous vous avons écrites deux fois.» Mweka hazina wao, mama mtu mzima aliyefundisha Kifaransa kabla ya kuingia kwenye biashara, alinipigia simu siku ileile alipoipata barua. Baada ya salamu ndefu na kuulizia watoto, alisema kwa upole: «Mwanangu, sisi tulizaliwa na mama zetu. Hatukuandikwa na ofisi yenu, tena mara mbili.» Nilisikia kicheko cha wenzake nyuma yake. Kwa herufi mbili tu nilikuwa nimesema kwamba wao ndio walioandikwa, kama vile mtu anavyoandika ankara.

Kosa langu lilikuwa hili: wa ya Kiswahili humtaja hata yule anayetendewa, ilhali e na s za Kifaransa humtaja mtendwa pekee. Anayeandikwa ni barua. Akina mama wanaandikiwa. Nilidhani basi kwamba dawa ni kukwepa kila kitenzi chenye kauli ya kutendea, nikakuta hiyo nayo inadanganya. Aider ni kusaidia, neno linaloishia kama la kutendea, lakini Mfaransa husema «nous les avons aidées», kwa sababu kwake anayesaidiwa ni mtendwa kamili. Kwa upande mwingine «tuliwajibu» haina dalili yoyote ya kutendea, lakini ni «nous leur avons répondu», bila nyongeza.

Kilichonikomboa ni kuacha kutafsiri na kulirudisha jina mahali pake baada ya kitenzi, katika Kifaransa chenyewe. Nikisema «nous avons écrit aux clientes», ile aux ina à ndani yake, na à ikisimama kati ya kitenzi na mtu, mtu huyo si mtendwa, kwa hiyo upatanisho haupo hata akitangulia. Nikisema «nous avons aidé les clientes», hakuna à, na upatanisho upo akitangulia. Niliandika nyuma ya kalenda ya mezani vitenzi vya à vinavyonisumbua: écrire, téléphoner, répondre, demander, donner, dire. Kalenda ni ya mwaka juzi, ila bado sijaitupa.

Nitoe sentensi moja ya kazini, ya juzi tu, kuhusu masanduku tuliyokabidhiwa Jumatatu, tukayafungua na kuhesabu vipande: «Les caisses que vos agents nous ont remises lundi, nous les avons ouvertes et nous avons compté les pièces.» Katika remises kuna wagombea wawili waliotangulia, nous na caisses. Nikilirudisha kila moja napata «ont remis les caisses à nous»: nous ina à, inatoka, caisses haina, inabaki, nayo ni ya kike na ya wingi. Les ya pili ni masanduku yaleyale, hivyo ouvertes. Pièces zimetajwa baada ya compté, hivyo compté inabaki ilivyo. Tena remises na ouvertes husikika mdomoni, z ya moja na t ya nyingine, kwa hiyo ukikosea kwenye simu utasikika. Reçues na comptées hukuficha, na nadhani ndiyo maana niliishi na kosa kwa miaka minne.

Mahali panaponikwaza bado ni faire ikifuatwa na kitenzi kingine. Tulipomwita fundi afungue masanduku mbele ya afisa wa forodha, niliandika «les caisses que nous avons faites ouvrir», kisha nikasita. Masanduku hayakufanywa, yalifunguliwa. Mtendwa ni wa ouvrir, wala si wa faire, na fait hapo haibadiliki kamwe. Nikafuta herufi mbili, nikaacha «fait ouvrir», nikaibandika stempu. Barua ilikwenda kwa mama yule yule wa Kalemie, na safari hii alipiga simu kuuliza bei ya sabuni tu.