Nimelitambua nikiwa na miaka 64
Mwaka huu nimetimiza miaka 64, na ndipo nilipotambua waziwazi kwamba tangu ujana wangu nimekuwa nikivutiwa na wanaume. Rafiki yangu, mgane kama mimi, alikuwa akinisaidia kufunga vifungo vya mikono ya shati kwa kuwa vidole vyangu vimekakamaa, na alipoinamisha kichwa nikaziona mvi za shingoni mwake, moyo ukanienda mbio kama ulivyonienda zamani mbele ya mfanyakazi mwenzangu mmoja, ambaye alipohamishwa nilikosa usingizi na hamu ya kula, nikadhani naumwa. Marehemu mke wangu nilimpenda kwa dhati, nikamuuguza hadi mwisho, na hilo halifutiki. Lakini shauku ile sikuwahi kuihisi kwake, nami niliamini kwamba ndivyo ndoa zote zilivyo.

Nimemweleza binti yangu mkubwa. Alinyamaza kitambo, kisha akauliza, "Baba, mama alijua?" Nilimjibu kwamba sidhani, kwa sababu hata mimi mwenyewe sikujua. Rafiki yangu bado sijamwambia, wala sijaamua kama nitamwambia.