Nilivyoirudishia Windows ya duka leseni yake baada ya radi kuunguza seva

Desemba huku Mbeya ni mwezi wa mvua na radi, na kwa wauza pembejeo ndio mwezi wa pesa. Siku radi ilipopiga karibu na duka moja la mbegu na mbolea pale Uyole, seva yao niliyokuwa naitunza ilizima na haikuwaka tena. Madabodi ilikuwa imeungua. Diski, kwa bahati, ilikuwa nzima.

Seva ile ilikuwa inaendesha Debian 11, na ndani yake, kwa kutumia KVM na libvirt, kulikuwa na mashine pepe moja tu, yaani kompyuta inayoigwa na programu, yenye Windows 10 Pro. Humo ndimo ilimokaa programu ya hesabu ya duka: bei, akiba ya ghalani, na orodha ya madeni ya wakulima wanaochukua mbolea sasa na kulipa baada ya mavuno. Mama mwenye duka alinipigia kabla sijamaliza kunywa chai. Nikamwamkia, akaitikia, kisha akasema, "Mwanangu, foleni imefika barabarani na sijui nani ananidai wala nani namdai."

Nilikuwa na kompyuta ya akiba kwenye chumba changu cha kazi Mwanjelwa, yenye Debian 12. Nikaichukua, nikaichomeka diski ya zamani kama diski ya pili, nikanakili faili la `duka.qcow2`, ambalo ndilo diski nzima ya ile Windows, halafu nikaunda mashine pepe mpya kwa `virt-install --import` na kuielekeza kwenye faili hilo. Windows ikafunguka bila kulalamika. Programu ikafunguka. Madeni yote yalikuwepo. Nilidhani nimemaliza.

Dalili ya kwanza kwamba sijamaliza haikuhusu leseni hata kidogo. Kompyuta mbili za kaunta hazikuweza kuifikia programu. Zinaitafuta kwenye anwani 192.168.1.10, lakini Windows ilikuwa imejipatia anwani nyingine kutoka kwenye ruta, kupitia kadi ya mtandao iliyojiita `Ethernet 2`. Kadi ya zamani, `Ethernet`, ambayo ndiyo niliyoipa anwani ya kudumu, haikuonekana tena. Jina hilo jipya lilinieleza kila kitu: Windows inaamini imewekewa kadi nyingine. Nikafungua ukurasa wa `Activation`, nikakuta imeandikwa kwamba Windows haijaamilishwa, pamoja na namba `0xC004F211`. Hiyo ndiyo namba inayotokea Windows ikigundua kuwa vifaa vya kompyuta vimebadilika.

Windows inapoamilishwa, hutengeneza alama ya utambulisho kutokana na vifaa inavyoviona, na leseni inafungwa kwenye alama hiyo. Kwenye kompyuta ya kawaida kifaa chenye uzito mkubwa kuliko vyote ni madabodi: ongeza RAM, kwa kawaida haitasema kitu, badilisha madabodi, itakuhesabu kuwa umehamia kompyuta nyingine. Sasa madabodi ya mashine pepe si chuma. Ni mistari michache ndani ya faili la XML la libvirt. Mstari wa `uuid` hupelekwa ndani ya mashine kama namba ya utambulisho wa kompyuta, na mistari mingine huamua aina ya mashine na anwani ya MAC ya kadi ya mtandao. Mimi nilihamisha diski tu, nikaacha mistari hiyo nyuma. `virt-install` ilipokosa kuambiwa chochote ikatunga UUID mpya na MAC mpya. Kwa hiyo radi iliunguza madabodi ya chuma, na mimi kwa mkono wangu nikabadilisha ile ya pili ambayo haikuwa imeguswa.

Kabla ya kugusa kitu chochote niliangalia kwanza ni leseni ya aina gani, kwa sababu hapo ndipo njia zinapoachana. Kwenye dirisha la amri la Windows, lililofunguliwa kama msimamizi:

```
slmgr /dli
wmic csproduct get uuid
```

Amri ya kwanza ilionyesha `RETAIL channel` na herufi tano za mwisho za ufunguo, na zililingana na zile zilizo kwenye boksi ambalo mama alilitunza kwenye sefu. Hiyo ni leseni ya rejareja, inayoruhusiwa kuhamishwa kutoka kompyuta moja kwenda nyingine. Ingekuwa imeandikwa `OEM`, ingekuwa ni leseni iliyouzwa pamoja na kompyuta fulani, nayo hubaki na kompyuta hiyo. Na ingekuwa `VOLUME_KMSCLIENT` ningemwambia mama ukweli mchungu: hiyo ni ya taasisi zenye seva yao ya kuamilishia, huishi siku 180 kisha hutaka kuhuishwa na seva hiyo, na duka lisilo na seva kama hiyo halina leseni, hata kama aliyemuuzia alichukua pesa. Nimekutana na mashine za namna hiyo mara nyingi, na inaniuma kila mara, maana mwenye duka huwa amelipa kwa nia njema.

Amri ya pili ilinipa UUID ambayo Windows inaiona sasa. Niliiandika pembeni.

Nikajaribu njia fupi, `slmgr /ato`, ambayo huiambia Windows ijiamilishe kupitia intaneti. Ikakataa kwa `0xC004C008`, maana yake ufunguo umeshatumika mara nyingi kupita kiwango. Niliamini, kwa sababu Windows ile ilishapigwa upya na fundi aliyenitangulia, na mimi mwenyewe niliipiga mara moja. Ilibaki njia ya simu, inayofunguka kwa `slui 4`, ambapo unasoma namba ndefu na kupewa nyingine ndefu ya kuingiza. Ni njia halali na ningeitumia kama ingebidi. Lakini hata ingefanikiwa, kadi ya mtandao ingebaki kuwa `Ethernet 2`, na kesho kutwa nikihamisha tena ningeanza upya. Nilitaka Windows irudi kwenye kompyuta ileile inayoikumbuka.

Diski ya zamani ilikuwa bado imechomekwa. Nikaifungua kwa kusoma tu, na faili nililolihitaji lilikuwa mahali pake, `/etc/libvirt/qemu/duka.xml`. Nikalilinganisha na la mashine mpya kwa `diff`. Tofauti zilikuwa kadhaa, lakini zenye uzito ni hizi, kama zilivyokuwa kwenye faili la zamani (namba za UUID na MAC nimezibadilisha hapa):

```
<uuid>3f1c7a52-8d40-4b6e-9a17-5e0c2b94d1f8</uuid>
<type arch='x86_64' machine='pc-q35-5.2'>hvm</type>
<mac address='52:54:00:4a:91:c3'/>
```

Kwenye mashine mpya UUID na MAC zilikuwa tofauti kabisa, na aina ya mashine ilikuwa `pc-q35-7.2`. Namba hiyo ya mwisho ni toleo la QEMU, programu inayoiga mashine yenyewe: Debian 11 ina 5.2, Debian 12 ina 7.2, na mashine mpya hupewa toleo jipya lililopo. Jambo zuri ni kwamba QEMU mpya bado inajua kuiga mashine za matoleo ya zamani, kwa hiyo hakuna sababu ya kulibadilisha.

Nililinakili faili la zamani, nikabadilisha vitu viwili tu: njia ya kulifikia faili la diski, na jina la daraja la mtandao, ambalo kwenye kompyuta hii ni lingine. Vingine vyote niliviacha, hata anwani za PCI, kwa sababu Windows huangalia pia kifaa kimekaa kwenye tundu lipi. Kisha:

```
virsh shutdown duka
virsh undefine duka
virsh define /root/duka.xml
virsh start duka
```

Amri ya kwanza inaiomba tu mashine izime, kwa hiyo subiri izime kabisa kabla ya kuendelea, na usiruke `undefine`. Ukijaribu kusajili faili lenye jina lilelile lakini UUID nyingine, libvirt inakataa na kukuambia jina hilo tayari lipo. Amri hiyo haifuti diski, inafuta maelezo ya mashine tu. Mashine ile ilikuwa ya BIOS ya kawaida. Kama ingekuwa ya UEFI ningenakili pia faili lake la `_VARS.fd` lililo chini ya `/var/lib/libvirt/qemu/nvram`.

Kabla ya kuiwasha nilifanya jambo moja zaidi ambalo naona ndilo lililonirahisishia. Nililitupa lile faili la `duka.qcow2` nililokwisha kuliwasha, nikanakili upya lile la diski ya zamani. Windows iliyo ndani ya nakala hiyo haikuwahi kuiona madabodi ngeni, wala kurekodi kwamba imepoteza leseni. Niliweza kufanya hivyo kwa sababu kaunta hazikuwa zimeunganishwa siku nzima na mauzo yote yaliandikwa kwenye daftari. Kama kungekuwa na hata stakabadhi moja iliyoingizwa, nisingethubutu. Ningetumia diski iliyopo na kujaribu `slmgr /ato` baada ya kurudisha UUID.

Ilipowaka, kitu cha kwanza nilichokitazama kilikuwa mtandao. Kadi ilikuwa `Ethernet`, anwani 192.168.1.10, na kaunta zikaingia papo hapo. Nikaandika `slmgr /xpr`, likatokea dirisha dogo lenye maneno `The machine is permanently activated`. Prosesa ilikuwa imebadilika, kwa sababu faili lilikuwa na `host-passthrough`, yaani mashine pepe inaonyeshwa prosesa halisi ya mwenyeji, na hii ilikuwa ya kizazi kingine. Badiliko hilo moja Windows ililimeza. Wiki iliyofuata nikaongeza RAM kutoka GB 4 hadi 8, nayo haikugusa leseni.

Naomba mtu asilichukue hili kama ujanja wa kupata Windows mbili kwa leseni moja. Masharti ya Windows 10 yanasema leseni ni ya usanikishaji mmoja kwenye kompyuta moja, iwe halisi au pepe. `virt-clone` hutunga UUID mpya kwa makusudi, kwa kuwa pacha ni kompyuta nyingine na anahitaji leseni yake. Nilichofanya mimi ni kuhamisha ileile moja, na ile ya zamani ilikuwa imekufa.

Sasa nakala ya kila usiku ya duka lile ina faili mbili, si moja: diski, na matokeo ya `virsh dumpxml duka`. XML hiyo ni ndogo mno. Nimemchapishia mama kurasa zake pia, naye amezikunja na kuziweka ndani ya boksi la Windows, kwenye sefu.