Siku moja maishani mwangu: bwawa la sato, umeme umekatika saa saba usiku

Saa kumi alfajiri nimeamshwa na ukimya. Mtu anayelala karibu na bwawa lenye feni ya maji (ile mashine ya makasia inayochapa maji usiku kucha) anazoea ule mlio mpaka hausikii tena, sasa ukikata ndo unashtuka. Nje giza totoro, hata taa ya kule barabarani imezima. Kijana wangu wa bwawani akaniambia bosi umeme umeenda tangu saa saba, mi nikadhani utarudi. Saa tatu zima hizo!

Kabla sijaendelea niwape picha ya bwawa, maana hesabu zote leo zinatoka hapo. Tuko Mkuranga, bwawa ni mita 20 kwa 30, kina cha wastani mita 1.2, yani maji mita za ujazo 720. Ndani kuna sato kama 3,000, wamefika robo kilo kila mmoja, kwa hiyo ni kilo 750 za samaki wanaopumua humo usiku na mchana. Na hawapumui peke yao, ule mwani wa kijani mchana unatoa oksijeni ila jua likizama unageuka mlaji kama wengine, na tope la chini nalo linakula. Ndo maana oksijeni inakuwa chini kabisa kabla tu ya jua kuchomoza, hiyo ndo saa ya hatari.

Nimeshusha mita ya oksijeni katikati ya bwawa, imesoma 1.8, hiyo ni miligramu kwa lita, au gramu kwa mita ya ujazo, ni kitu kilekile. Sato ni mgumu, anavumilia hata chini ya hapo kwa muda mfupi, ila chini ya 3 hali vizuri wala hakui, na mi napenda asubuhi nikute 4 kwenda juu. Ukimulika tochi unaona midomo imejaa juu ya maji, wanakunywa ule utando wa juu kabisa unaogusana na hewa. Ukiwapigia kishindo hawazami, au wanazama wanarudi hapohapo. Sato mzima mwenye nguvu ukikanyaga ukingo anatoweka.

Jenereta iko kwa fundi wiki ya pili sasa (naye kila siku ni kesho). Pampu ya kisima ni ya umeme, nayo imekufa. Kilichobaki ni pampu ya petroli ya inchi mbili. Saa kumi na nusu tumeiwasha, inavuta maji ya bwawa hilohilo na kuyarudisha kwa kuyapitisha juu ya bati lenye matundu lililosimama kwenye vigingi, yanadondoka kama mvua kwenye kona moja. Watu wakiona wanacheka, unatoa maji bwawani unarudisha bwawani, sasa umefanya nini? Nimefanya hivi: pampu inajaza pipa la lita 200 kwa sekunde 30, ambayo ni mita za ujazo 24 kwa saa, maji yanaingia na 1.8 yanadondoka na 4.5 hivi, kwa hiyo kila saa naongeza gramu kama 65 za oksijeni. Bwawa zima usiku linakula zaidi ya gramu 300 kwa saa. Kwa hiyo siliokoi bwawa, natengeneza kona ya kupumulia. Saa kumi na moja na robo katikati ilikuwa imeshuka mpaka 1.4 ila pale chini ya bati nilipata 3.1, na samaki walikuwa wamesongamana pale kama abiria wa mwendokasi jioni.

Umeme umerudi saa kumi na mbili kasoro dakika 20. Feni ikaanza kuchapa, nikakaa chini kwenye ndoo.

Saa moja asubuhi mita inasoma 2.4. Tumeokota sato 11 waliokufa, na wote ni wale wakubwa wakubwa. Hiyo nayo ni alama ya kukumbuka, oksijeni ikiisha wanaotangulia kufa mara nyingi ni wakubwa na wadogo wanabaki, na wote wanakufa usiku mmoja. Ugonjwa kawaida unaokota wawili leo, watatu kesho, bila kuchagua saizi.

Saa mbili kijana kaja na ndoo ya chakula kama kawaida yake, nimemrudisha. Samaki akila, matumizi yake ya oksijeni yanapanda, sasa ukimlisha kwenye 2.6 unamwongezea mzigo na chakula chenyewe anaacha kinaoza, kinakula oksijeni tena. Tumesubiri mpaka saa nne mita iliposema 4.5 ndo nikatoa kilo 7 badala ya 15 za siku zote. Na feni nikaizima hapohapo.

Hapo kwenye kuizima watu wengi wananishangaa. Sikia, maji ya joto la nyuzi 28 au 30 yakikaa na hewa tu yanabeba oksijeni kama 7.5 mpaka 7.8, basi. Feni inasukuma maji kuelekea hiyo namba. Maji yakiwa na 2 feni inaingiza kwa nguvu sana kwa sababu pengo ni kubwa, yakiwa na 6 inaingiza kidogo kwa umeme uleule, na mchana wa jua kali mwani ukipandisha mpaka 11 au 12 feni inafanya kinyume, inazitoa oksijeni za bure kwenda hewani. Mchana wa jua mi naiwasha kidogo tu, nusu saa hivi saa nane mchana, kuchanganya maji ya juu yenye oksijeni na ya chini yasiyonayo.

Saa tano jirani yangu Mama Neema amepiga simu. Naye umeme ulimkatikia lakini ana jenereta, aliwasha pampu ya kisima akafungulia maji usiku kucha, na bado ameokota samaki ndoo mbili. Anauliza, baba, mbona mi nimeweka maji mapya na wamekufa?

Nimeenda kwake na mita na pipa. Bomba lake linaingia chini ya maji kimyakimya, eti yasichafuke. Tumekinga maji pale kwenye mdomo wa bomba, mita imesoma 0.9. Maji ya kisima kirefu hayajaona hewa miaka, yanatoka baridi na masafi ukinywa ni matamu, ila oksijeni hamna. Alikuwa anawaongezea samaki maji yenye pungufu kuliko yaliyokuwepo. Tumeinua bomba juu, tukalifungia bati lenye matundu kwa kamba, yanadondoka kama mita moja hivi, tukapima tena chini ya bati, 5.5. Bomba lilelile.

Ila nikamwambia asifurahi haraka. Tumeweka pipa la lita 200 na saa ya simu, limejaa kwa dakika 1 na sekunde 40, kwa hiyo ni lita 2 kwa sekunde, mita za ujazo 7.2 kwa saa, karibu sawa na pampu ya kisima changu. Pampu kwenye boksi imeandikwa namba kubwa zaidi, lakini hiyo ni kabla maji hayajapanda kutoka shimoni na kupita kwenye mabomba marefu yenye kona, kwa hiyo usiamini boksi, amini pipa. Sasa piga hesabu: bwawa liko kwenye 2, maji yanaingia na 5.5, faida ni gramu 3.5 kwa kila mita ya ujazo, mara 7.2 unapata gramu 25 kwa saa. Feni ya nguvu farasi moja kwenye maji yenye 2 mpaka 4 inaingiza kama gramu 600 mpaka 1,000 kwa saa ile ile. Akanyamaza kidogo, akasema kumbe nilikuwa nazima moto kwa kijiko.

Kwa hiyo maji mapya ni ya nini? Ni ya kutoa uchafu na kupunguza ukijani. Saa nane nimerudi kwangu, nimezamisha ile sahani ya nyeusi na nyeupe yenye kamba ya kupimia ukijani, imepotea kwenye sentimita 18. Mi nataka ipotee kwenye 30 hivi. Ukijani mzito namna hiyo mchana unakupa oksijeni nyingi na usiku unakudai yote na riba, na leo wingu limetanda tangu asubuhi, mvua za masika, kwa hiyo mchana wenyewe haujalipa. Nimefungua toleo, ambalo ni bomba ndani ya bomba: la nje kubwa lina matundu chini kabisa, la ndani limekatwa kwenye kimo cha maji, ukilishusha maji yanayotoka ni ya chini, yale meusi yanayonuka. Wengi wanatoa ya juu, yani wanamwaga mazuri wanabaki na mabaya. Nimetoa sentimita 12, asilimia 10 ya bwawa, na kisima changu kitachukua saa 10 kuzirudisha, zinaingia upande wa pili wa bwawa kupitia bati. Asilimia 10 inapunguza ukijani kwa asilimia 10 tu, sio miujiza, kwa hiyo mbolea ya kuku inayolisha huo mwani imesimama mpaka nitakapoona sahani kwenye 30.

Saa kumi na mbili jioni mita inasema 5.4. Siku ya jua ingekuwa 9 au 10. Hapo ndo najua usiku utakuwa mrefu.

Saa tatu usiku nimepima tena palepale, kina kilekile, 4.0. Saa tatu zimekula 1.4, yani 0.47 kwa saa. Ukivuta mstari mpaka saa kumi na mbili asubuhi, saa tisa zingine, zitaliwa 4.2 na ninazo 4.0, yani tunafika sifuri kabla ya jua kuchomoza. Na sitaki ishuke chini ya 3, hiyo inafika kama saa tano na dakika kadhaa. Kwa hiyo feni inawaka saa tano kamili mpaka jua litoke, jumla masaa saba na nusu hivi, yuniti 7 za luku. Nina 9.

Pampu ya petroli tumeijaza tenki na kuiacha kwenye bati lake, mpira umeshafungwa. Na jioni fundi umeme wa mtaani amenifungia kengele ya betri yenye rilei, umeme ukikata inalia chumbani kwa kijana. Tumeijaribu kwa kushusha swichi kubwa, imelia mpaka mbwa wa jirani wakaanza kubweka. Kijana anasema bosi hii italiamsha kijiji. Nikamwambia iamshe.